Maneno ya Chini ya Picha ya Mbio Zangu

Niliachishwa kazi katika shirika la umma pamoja na nusu ya ofisi yetu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na vidole vyangu vilijua kupiga chapa tu. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa. Arusha nzima kila mwenye mlango uliotazama barabara alikuwa amefungua duka, na mimi nikapata kazi katika duka moja la picha, la mzee ambaye baba yake alikuja kutoka Tanga zamani kuuza vitambaa. Mzee alikuwa na mashine ya kusafisha picha za rangi, kubwa kama kabati la nguo, na aliipenda kuliko alivyopenda chakula.

Aliniajiri niandike stakabadhi. Baada ya mwezi mmoja akagundua kwamba najua kuandika maneno ya picha. Wateja walikuja na picha za kipaimara, za harusi, za mtoto aliyeanza kutembea, wakasema, "Dada, niandikie kitu hapa chini." Wengi walitaka "Kumbukumbu ya" halafu tarehe. Nikaanza kuwauliza maswali. Hapa ni wapi? Nani alikuwa anacheka nje ya picha? Nilijifunza kwamba jicho likishaona gauni jeupe halihitaji kuambiwa gauni ni jeupe. Liambie lile lisiloliona. Nilijifunza pia kwamba nyuma ya picha ya rangi huandiki kwa kalamu ya kawaida, maana ukikandamiza, herufi zinatokeza mbele kama makovu usoni mwa bibi harusi. Unachukua kalamu nene ya wino, unaandika kwa mkono mwepesi, unaiacha ikauke wazi. Ukiilaza juu ya nyingine kabla ya hapo, picha zote mbili zinaharibika.

Kukimbia nilianza mwaka huohuo, na sababu yake ni raba. Nilizipata kwenye lundo la mitumba, bluu, zikanitosha kana kwamba aliyezivaa mwanzo alikuwa amenipima miguu. Nilizivaa siku ya kwanza nikiwa na sketi juu ya truksuti, giza likiwa bado, nikatoka nyumbani Moshono nikakimbia hatua mia mbili. Nikasimama nikihema, nikiwa nimejishika kiuno, nikacheka. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenisubiri. Kwa miaka kumi na mbili niliamka kuwahi kengele ya ofisi, na sasa nilikuwa nimeamka mapema zaidi ya hapo bila kuwahi chochote!

Basi nikaendelea. Njia yangu ilipita kati ya migomba na kahawa, vumbi likiwa limelala kwa umande, na upande wa kushoto mlima Meru ukiwa mweusi mpaka ghafla kilele chake kinapata rangi ya waridi kabla sisi wa chini hatujapata chochote. Wakati mwingine vijana wa riadha walinipita, wembamba, kimya, miguu yao haisikiki. Mmoja aliwahi kunigeukia akauliza, "Mama, unajiandaa na mashindano gani?" Nikamjibu, "Hakuna." Akafikiri namficha.

Mtu wa pili kuniuliza alikuwa mama mmoja Mmeru, mkulima wa kahawa, wa umri wa mama yangu. Kila asubuhi alikuwa pembeni ya njia akikatia ng'ombe wake majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo tena? Nani anakukimbiza?"

"Hakuna mtu, mama."

"Na huko mbele kuna nini?"

"Nafika kwenye daraja, nageuka."

"Unageuka!" Akaegemea mundu wake akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. "Yaani unakwenda ili urudi!"

Tangu siku hiyo alikuwa akinipungia mundu kwa mbali, na mimi nikifika kwake nacheka tayari.

Januari moja, anga ilipokuwa safi, niliazima kamera ndogo ya dukani. Nilitaka picha moja tu ya asubuhi zangu, niwe nayo. Niliweka filamu ya mia nne, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu mwanga ni mchache na filamu ya kawaida ingenitoa ukungu mtupu. Nikazima taa ya kamera isije ikawaka. Nikamfuata mama wa kahawa.

"Mimi?" akasema. "Sijawahi kushika kitu hicho."

"Simama hapa, jua liwe mgongoni kwako. Bana viwiko mbavuni. Usipumue. Nikifika kwenye ule mgomba ulioinama, bonyeza taratibu."

Akafuta mikono kwenye khanga mara mbili. Nikarudi nyuma, nikaja nikikimbia kuelekea mashariki, jua likinipiga usoni. Nikafika kwenye mgomba. Kimya. Nikampita.

"Mama, mbona hujabonyeza?"

"Uliniambia nisipumue! Nilikuwa nashughulika na hilo!"

Mara ya pili alibonyeza nikiwa bado mbali, mdogo kama kuku. Mara ya tatu alifumba macho. Mara ya nne, ya tano, ya sita, alikuwa ananipigia kelele, "Njoo! Njoo! Njoo!" kama anayeita ng'ombe, na mimi nimeishiwa nguvu kwa kicheko, naruka huku nimefungua mdomo wote. Klik. Jua lilikuwa limeshapanda, nikachelewa kazini.

Mzee alisafisha filamu mwenyewe. Nilimwona akichungulia zile picha zikitoka mashineni moja moja. Nyingi zilikuwa za migomba. Moja ilimfanya avue miwani.

"Binti," akasema, "njoo hapa."

Nilikuwa hewani. Miguu yote miwili haikugusa ardhi, raba moja imetoka na ukungu kwa mwendo, uso wa dhahabu, mdomo wazi. Na mbele yangu barabarani, kirefu kama mnazi, kimelala kivuli cha mama wa kahawa, kichwa na kitambaa, viwiko vimebanwa kwa utiifu.

"Nitaikuza," mzee akasema. "Niiweke kioo cha mbele."

Lazima nieleze kwamba duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa na picha kubwa ya mchezaji mpira ameinua kikombe, na chini yake: *Mabingwa hupiga picha hapa*. Ilimnyima mzee usingizi.

"Mzee, hii ni picha yangu ya nyumbani."

"Nyumbani! Utakaa nayo sandukuni? Wewe ndiye mwandishi, andika maneno. Andika: *Bingwa anajifua*."

"Mimi si bingwa."

"*Mshindi haamki saa tatu*."

"Sijashinda kitu. Sijashindana na mtu."

"Binti, biashara ni mashindano! Na hicho kivuli nitakikata. Kinachafua."

Nikasema kivuli kikikatwa na mimi nakatwa. Nilishangaa mwenyewe nilivyosema kwa sauti. Mzee alinitazama, halafu akaondoka kwenda kuswali adhuhuri, akaniacha na picha na kipande cha kadibodi nyeupe.

Nilikaa nacho siku tatu. Mimi niliyeandikia harusi za watu kwa dakika mbili! Wateja walinisaidia bila kuombwa. Mmoja akasema niandike nilikimbia kilomita ngapi. Mwingine akasema niweke saa na dakika. Mwalimu mmoja alitaka *Afya ni ufunguo wa maendeleo*. Kila neno lilikuwa linanivika namba kifuani na kuniweka kwenye mstari na wengine. Niliandika *Furaha ya asubuhi* nikaifuta, maana mdomo wangu ule wazi ulikuwa umeshalisema hilo. Niliandika sentensi nzuri yenye umande na kilele cha waridi, nikaisoma nikaona aibu, kilele chenyewe hakikuwemo kwenye picha. Tena mtu apitaye dukani anasoma akitembea. Ana hatua tano au sita tu, kisha amekupita.

Siku ya tatu nikajiuliza maswali yangu ya kila siku, kana kwamba mimi ni mteja. Jicho halioni nini hapa? Halioni kama ni asubuhi au jioni, mwanga ule unafanana. Halijui ni wapi. Halijui ninakwenda wapi, na bila shaka litadhani kuna utepe wa kumalizia mbio mahali fulani mbele. Na litauliza kivuli ni cha nani. Basi. Nilichukua kalamu nene, nikaandika:

*Asubuhi, Moshono. Sikimbilii popote. Kivuli ni cha jirani aliyenipiga picha.*

Mzee aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena kwa sauti. "Sikimbilii popote," akasema polepole, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akakaa kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka akatoa leso. "Watu watasema nimeajiri kichaa." Akaibandika mwenyewe, na kivuli chote.

Watu walisimama, kweli. Walisoma, wakaitazama picha tena, wakatabasamu kama waliofinywa. Mwanamke mmoja wa sokoni mwenye kapu la nyanya alilitua chini, akasoma, akasema bila kumwambia mtu, "Na mimi ningependa siku moja." Akalibeba akaenda zake.

Jumamosi nilimleta mama wa kahawa. Alivaa gauni la kanisani na viatu. Alisimama mbele ya kioo akafuata maneno kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka akafika kwenye kivuli. Akaruka nyuma.

"Ni mimi!" Akamshika mkono mwanamume aliyekuwa anapita. "Baba, tazama. Huyu mrefu ni mimi!"

"Wapi, mama?"

"Hapo chini! Nimebana viwiko!" Akabana viwiko kumwonyesha, katikati ya njia, na yule mwanamume akacheka, na yeye akabana viwiko vyake. Mzee alitoka na soda mbili. Mama akamwambia kwa ukali, "Picha zangu zile nyingine mmeziweka wapi?"

"Zina migomba tu, mama."

"Migomba yangu!"

Ilibidi apewe zote kwenye bahasha, pamoja na nakala ya ile yenyewe. Nyuma ya nakala yangu mimi niliandika maneno mengine, nikaiacha ikauke mezani usiku kucha. Hayo sikumsomea mtu, na sitayasoma hapa.

Jumatatu nilitoka giza likiwa bado. Umande ulikuwa mwingi, raba zililowa mara moja. Nilimpita mama amebeba mzigo wa majani kichwani, hakuweza kunipungia, akanipigia mluzi tu. Nilifika darajani. Upande wa mashariki Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza juu ya ukungu, wazi, kitu ambacho hutokea mara chache. Nilisimama kidogo nikihema, mikono kiunoni. Halafu nikageuka.