Watoto wa Mwisho wa Mwaka

Nilipofundisha darasa la kwanza katika shule moja huku Mbezi Luis, watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na kazi ya kuwagawa mikondo nilipewa mie. Wiki ya pili ya Januari niliwaita mmoja mmoja mezani. Kila mmoja nilimpa penseli aandike jina lake, asome silabi, ahesabu vizibo vya soda. Waliofanya haraka niliwaweka mkondo A, waliofuata B. Waliobaki wakawa mkondo C, na sie walimu ofisini tukawaita wazito.

Kati ya hao wazito kulikuwa na binti mdogo sana wa umbo. Penseli aliishika kwa ngumi. Nilipomuuliza jina lake alitazama mlango, kisha akalia. Mama yake, karani wa duka la kutoa fotokopi, alikuwa ameniomba nimpokee.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu anatimiza sita Desemba," aliniambia. "Najua ni mdogo, ila nyumbani hana wa kumwangalia."

Nikampokea. Waliozaliwa mwaka mmoja waliandikishwa pamoja, hivyo hakuna sheria niliyovunja.

Mkondo C walipata vitabu vya mwisho na walimu wa muda. Nami nilipopita huko niliuliza maswali rahisi, nikiamini nawahurumia. Binti alipofika darasa la nne, mwalimu wa michezo alichagua timu ya netiboli, na wote aliowachukua walikuwa warefu. Yeye alikaa pembeni akishika sweta za wenzake. Mwaka huohuo mama yake alikuja naye kuuliza kwa nini mtoto habadiliki.

"Kila mtoto na kipaji chake, mama," nilimjibu. "Huyu si wa darasani. Usimlazimishe."

Alinishukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Walipofika darasa la saba, nilipewa kazi ya kusajili watahiniwa. Nilikaa ofisini na rundo la vyeti vya kuzaliwa, nikinakili tarehe mkondo kwa mkondo. Mkondo A: Februari, Januari, Machi, Januari, Mei. Nilinakili bila kufikiri. Nilipofika C nikaanza kuandika polepole: Novemba, Oktoba, Desemba, Septemba, Desemba. Nikarudi nyuma, nikasoma upya.

Nilimpelekea mwalimu mkuu orodha. Alivaa miwani, akaisoma kwa makini.

"Huyu wa Novemba yuko A, na anaongoza," alisema. "Na huyu wa Januari yuko C."

"Wapo, mkuu. Lakini tazama wengi wao. Nilipowapima, wa Januari alikuwa na karibu mwaka mzima zaidi ya wa Desemba. Kwa mtoto wa miaka sita, mwaka mmoja ni mwingi mno. Nilidhani napima akili, kumbe napima umri."

"Sasa si wamekua? Tofauti ya miezi imeshapungua."

"Miezi imepungua. Lakini miaka sita tumewafundisha tofauti."

Alivua miwani, akanirudishia orodha.

Tangu siku hiyo nilibaki na yule binti kila jioni baada ya vipindi. Hakuwa mzito. Nikimweleza hesabu za sehemu mara moja alielewa, ila kila akiandika jibu alinitazama usoni, na nikichelewa kuitikia kwa kichwa alilikata. Siku moja, tukiwa katikati ya hesabu za asilimia, aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, usijisumbue. Mie si wa darasani."

Yalikuwa maneno yangu. Sikumfundisha kitu kingine kilichomkaa hivyo.

Matokeo yalipotoka, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Nilikwenda dukani kwa mama yake, nikasubiri mteja atoke, nikamweleza yote: vyeti, mikondo, na nilichomwambia kuhusu kipaji. Aliendelea kupanga karatasi hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo ningesubiri mwaka mmoja tu, angefaulu?"

"Pengine, mama. Siwezi kuapa. Lakini kosa si lako. Wewe uliniletea mtoto mdogo, mie nikamwita mzito."

"Mie ndiye niliyekuomba umpokee," alisema. Akafuta macho kwa upande wa kanga, maana mteja mwingine alikuwa anaingia.

Januari iliyofuata tuliwachanganya watoto wa darasa la kwanza bila kuwapima, na tarehe za kuzaliwa tukaziandika kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wa michezo nilimwomba naye azitazame tarehe hizo kabla ya kuchagua timu; alisema atafikiria. Yule binti alipelekwa kwa shangazi yake Kigamboni kujifunza ususi. Nilimpigia simu mara mbili nikimsihi arudie darasa, nikasema nitamtafutia nafasi mwenyewe. Mara ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa adabu kwamba huko anapendwa, na kwamba hakuna anayemuuliza maswali.