Mchwa wa Chumba cha Nyuma

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alinitoa kwenye nyumba yetu wiki moja baada ya arobaini. Godoro langu alilibeba mwenyewe akaliegemeza kwenye mpapai, mvua inanyesha, ukoo mzima unatazama. Kiwanja ni cha baba yao, alisema, na mimi sikuzaa. Nikapanga chumba mtaa wa pili, hapa hapa Ifakara, na kila nikienda sokoni nilipita mbele ya mlango wangu.

Mwaka wa tatu nyonga ilimshinda shemeji. Binti yake akamwita Dodoma kwa matibabu ya miezi saba, masika yote na zaidi. Ndipo akaja kwangu na funguo. Hakuona haya hata kidogo. Alisema hakuna anayeijua nyumba ile kama mimi, na hapo hakukosea: mume wangu alikuwa seremala, aliipaua kwa mikono yake, mimi nikimshikia ngazi. Nilijua bati linalovuja na koki isiyofunga vizuri. Nilizipokea funguo kwa mikono miwili. Moyoni nikasema, umejileta mwenyewe.

Asikudanganye mtu, kazi niliifanya. Jumatano na Jumamosi nilifungua madirisha yote ili ukungu usishike kuta. Nilifungulia mabomba, nikamwaga maji chooni na kwenye tundu la bafuni, maana maji ya pale yakikauka harufu na mende hupanda. Friji ilizimwa, mlango wake ukaachwa wazi. Baada ya kila mvua kubwa nilikagua dari kama kuna doa jipya na kutoa majani kwenye mfereji wa bati. Uani nilifyeka nyasi, kwa ajili ya nyoka. Alitaka pia nianike nguo kwenye kamba, wapita njia wadhani kuna mtu. Nilianika khanga zangu nzuri tu, na majirani walipouliza kama nimerudi nilicheka nikaendelea kuanika.

Kila Jumamosi alinipigia simu ya video. "Nionyeshe bati, shemeji. Haya, mlango wa mbele. Umeme upo?" Nilimwonyesha vyote. Chumba cha nyuma, kilichokuwa changu na mume wangu, alikigeuza stoo na hakukiuliza hata mara moja.

Wiki ya pili nilisogeza kabati la stoo nikaona mstari wa udongo, mwembamba, umetoka sakafuni mpaka kwenye fremu ya mlango. Mchwa. Matofali ya nyumba ile yamejengewa tope, na mbao za chumba kile hazikuwahi kupakwa dawa. La kufanya kila mtu bondeni analijua: unabomoa ule udongo, unatafuta tundu wanapotokea, unamimina dawa au oili chafu, na wiki inayofuata unarudi kuangalia. Oili ilikuwepo, dumu zima, pembeni ya kabati. Nililirudisha kabati mahali pake nikafunga mlango.

Tangu siku hiyo sikuchelewa zamu hata moja. Nilianzia stoo kabla sijagusa madirisha. Mwezi wa pili mstari ulifika juu ya mlango, wa nne ukaingia darini. Niligonga fremu kwa kidole na sauti ikarudi tupu, nikajisikia raha ambayo sikuwa nayo tangu mazishi. Niliwaambia wachapakazi wale wasiharakishe, muda upo.

Alirudi na fimbo. Alizunguka nyumba akisifu kila kitu, mpaka alipofika stoo na kushika fremu ili asianguke. Kidole gumba kikazama ndani ya mbao. Alitazama juu, akatazama kabati, akatazama sakafu niliyoifagia vizuri kuizunguka ile njia ya udongo.

"Ulikuwa unaona," alisema.

"Nilikuwa naona, shemeji. Na wewe siku ile ya godoro ulikuwa unaona mvua."

Hakunipeleka kwenye kikao cha ukoo. Angeanzaje kunishtaki bila kueleza nina kinyongo gani? Nilimkabidhi funguo, nikamuaga, nikaondoka kifua mbele.

Wiki iliyofuata mafundi waliezua paa la chumba kile. Nilikwenda kutazama, sikujificha, nilivaa hasa. Fundi mmoja alikuwa anatupa chini kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na zilipasuka zenyewe zikigusa ardhi. Nilifurahi sana. Kisha nikamwomba aniwekee ubao mmoja, nina kazi nao nyumbani. Aliniuliza wa kazi gani, nikashindwa kumwambia kwamba sina kitu kingine kilichopita mikononi mwa mume wangu.

Alipekua lile rundo kwa muda mrefu, ubao baada ya ubao, akiubonyeza kila mmoja. Mzima hakuupata.