Kidole na Wifi Yake

Ofisini walimwita Kidole, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubonyeza. Kila mara duka lao la mtandaoni lilipotaka kutoa toleo jipya la tovuti yake, alifungua vivinjari vitatu, kimoja baada ya kingine. Aliingia kwa neno la siri sahihi, kisha la uongo, kisha bila neno lolote. Alitia sufuria kikapuni, akaandika anwani, akalipa kwa kadi ya majaribio, akahakikisha namba ya oda imetokea na jumla haijapotoka. Kitu kinachokwenda vizuri kwenye kivinjari hiki huweza kugoma kwenye kile, na yeye alijua kila kimoja kinanunia nini.

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alioa binti aliyesomea kuandika programu. Binti hakuwa na kazi. Kidole akaenda kwa meneja akamwombea. Wakawa wanaishi nyumba moja na kukaa meza moja.

Meneja akampa yule wifi kazi ya kuandika majaribio ya kujiendesha: programu ifungue vivinjari yenyewe, iingie, inunue, ilipe, ikague. "Kaa na Kidole," alimwambia. "Mkamue kila anachokijua."

Kidole alifurahi kukamuliwa. Majaribio ya kwanza yalikuwa kigeugeu. Leo ya kijani, yamepita; kesho mekundu, yamefeli, na hakuna aliyegusa kitu. Programu ilikuwa inabonyeza "Lipa" kabla kitufe hakijaamka. Wifi akaiamuru isubiri sekunde tano.

"Mbona unaipa usingizi?" Kidole akamuuliza. "Mimi sihesabu. Naangalia kitufe. Kikiwaka, nabonyeza."

Wifi akaandika hivyo: subiri mpaka kitufe kiwe tayari. Yakatulia. Kidole akamwambia pia kwamba mteja akijaza kikapu kabla ya kuingia, kivinjari cha tatu kilikuwa na tabia ya kukimwaga. Hilo nalo likaandikwa. Ikafika siku mstari mzima wa majaribio ukawa wa kijani kwenye vivinjari vyote, kabla Kidole hajamaliza chai yake.

Asubuhi ya kikao cha kuamua kama kazi ya Kidole bado inahitajika, Kidole alimwonyesha wifi yake simu. "Tazama. Kibodi ikifunguka, inafunika 'Lipa'. Mtu hawezi kulipa." Wifi akatazama, akaitikia kwa kichwa. Kwenye majaribio yake hakukuwa na kibodi ya simu hata moja. Vivinjari vilikuwa vinafunguka tu ndani ya kompyuta.

Kikaoni meneja akauliza, "Kuna kitu Kidole anakiona ambacho majaribio hayakioni?"

Kidole alimgeukia wifi yake, akasubiri. Hakutaka kujipigia debe mwenyewe.

"Hakuna," wifi akasema.

"Hata kimoja?"

"Yeye ndiye alinifundisha vyote. Vimo humo."

Watu wakacheka kidogo, kana kwamba Kidole amesifiwa. Kidole akafungua mdomo. Meneja akainua mkono. "Dada, tumeshakuelewa. Asante kwa huduma." Jioni kadi yake ya mlango haikufungua mlango tena.

Nyumbani alimweleza mdogo wake. Yeye alikuwa anavua viatu. "Dada, mwenzio ndiyo kwanza anaanza. Usimharibie."

"Mimi ndiye niliyemwingiza."

"Basi mwache asimame."

Fadhila ya punda ni mateke, alijisemea, akaenda kupika, maana zamu ilikuwa yake.

Malalamiko ya wateja wa simu yakaanza kumiminika. Wifi akaja na simu mkononi, sauti ya asali. "Wifi yangu, nijaribie kidogo." Kidole akajaribu, mkono haukujua kukataa. Akamwonyesha tena kibodi, na ujumbe wa neno la siri lisilo sahihi uliojificha chini yake. Wifi akaviripoti. Akapongezwa mbele ya ofisi nzima, akapewa cheo. Kila toleo jipya likawa linapita kwanza kwa Kidole, mezani pa jikoni.

"Nitaje basi," Kidole akamwomba siku moja. "Hata kama msaidizi."

"Nikikutaja, wataniuliza kwa nini nilisema huhitajiki." Alilisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Halafu sote wawili tukose. Wewe umeshazoea kukaa nyumbani."

Mdogo wake alikuwepo. Aliendelea kula.

Kidole akaosha vyombo, vyote, hata sufuria iliyoungua. Kisha akakunja nguo zake, akaenda kwa binamu yake mwenye duka la kutoa fotokopi. Mpaka leo anasimama pale kwenye mashine, analala chumba cha nyuma pamoja na mabunda ya karatasi. Wifi alimtumia ujumbe mara mbili akiomba amjaribie toleo. Hakujibiwa, akatafuta mtu mwingine wa kubonyeza. Mdogo wake alipiga simu mara moja tu. Alitaka kujua ufunguo wa stoo uliwekwa wapi.