Moshi wa Jikoni Kwetu Bihambwe

Nina hasira ya karibu, sifichi. Mama aliponiambia moshi wangu ni wa uongo, niliifunga kompyuta kwa kishindo hadi Papa mwenye duka, muchuuzi wa Butembo aliyeniachia nitumie umeme wa sola yake, akatoka nyuma ya magunia ya chumvi kuuliza kama imepasuka.

Tulikuwa Kashuga, kambini, mwaka wa pili tangu tukimbie vita Bihambwe. Kazi yangu ilitoka Goma. Kule kuna chumba kimoja ambamo wenzangu wanatengeneza filamu za kuchorwa. Wao wanachora watu na mwendo wao, kisha wananitumia kwenye flash kwa pikipiki, nami naongeza moto, moshi, maji na mvua. Kila kimoja kina kalke yake, yaani kama karatasi angavu ndani ya kompyuta, inayolala juu ya muchoro: ukiifuta, mutu aliye chini yake haguswi.

Safari ile walikuwa wamechora mama anayekoroga maharagi jikoni huku mvua inaanza. Nilipomuona nikasema moyoni, huyu nitamuweka kwetu. Nyumba yetu ya nyasi haiko tena, na hata picha yake moja hatuna. Nilitaka mama yangu aione tena, kabla macho yake hayajazidi kuchoka. Hicho tu.

Basi nikachora. Moto niliuanzia kwenye kiini cheupe, kisha ndimi za njano zikikatika juu na kupotea, muchoro mupya kila baada ya picha mbili za filamu. Moshi ukapanda mwembamba, ukajikunja vizuri, ukatoka juu ya paa. Nilijisifu, kweli.

Nikamuita Mama dukani, akaketi juu ya gunia, akatazama.

"Iyi nyumba ni ya nani?"

"Yetu, Mama."

"Yetu? Moshi yetu ilikuwa inapanda hivi, ka ya kwa mapadri? Sisi tulikuwa na shemine?"

Hapo njo nikafunga kompyuta.

Nilinuna siku mbili. Lakini alikuwa amesema kweli, na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesahau. Nilipofundishwa kuchora moshi Goma, ule wetu ulinitoka kichwani. Kwetu moshi haukuwa na bomba la kuutoa juu, wala mulango wake. Ulijaa chini ya paa, ukatafuta njia polepole kati ya nyasi, na ukiwa nje uliona paa zima linafuka. Mvua ikinyesha, nyasi zinalowa, njia zinaziba, moshi unashuka. Njo maana viti vyetu vilikuwa vifupi, na mama alikoroga ameinama, akitugombeza sisi tuliosimama: "Kaa chini, wee! Unataka kuwa nyama ya kukausha?"

Ee Mungu wangu, ningetoa nini nigombezwe vile tena, mule ndani.

Nikafuta moshi wote. Nikaanza upya kwa kalke mbili, moja nyuma ya yule mama na moja mbele yake, ili awe ndani ya moshi, si ubandikwe tu juu yake. Nikaufanya mwendo wake wa polepole, ukitoboka matundu na kuchanika, maana moshi hauishi kwa kusinyaa. Mvua ilipoanza, nikaushusha. Sasa ukamufunika uso yule mama wa muchoro. Nikamupigia mwenzangu Goma, amuinamishe.

"Dada, muchoro wake ulishaisha!"

"Kaka, ule mama akikaa wima atakohoa mpaka filamu iishe."

Akacheka, akamuinamisha.

Mvua niliigawa: ya mbali mistari mifupi na myembamba, ya karibu mirefu na ya haraka. Juu ya paa sikuweka matone ya kuruka, nyasi zinakunywa. Maji yalidondoka kutoka ukingoni, mustari mumoja, kila tone likirusha vitone pembeni kwenye dimbwi na kuacha duara linalopanuka.

Nikamuita mama tena. Ilikuwa saa sita, jua kali. Akaketi, akatazama. Moto ukawaka. Moshi ukajaa chini ya paa, naye, pale juu ya gunia, akainamisha kichwa. Papa mwenye duka akanitazama, nikamufanyia ishara anyamaze.

Kisha mvua ikaanza kwenye kioo cha kompyuta.

"Maharagi iko inje!" Mama akaruka, akatoka mbio, kitenge kikimushuka.

Nikamufuata. Nilimukuta mbele ya duka, ameinama juani, mikono imenyooka kukusanya kitu ambacho hakikuwapo. Akatazama vumbi. Akasimama polepole, akafunga kitenge chake.

"Niliyaanika siku ile tulikimbia," akasema. "Sikuyaanua."

Nikamushika mukono, tukarudi ndani. Akaketi juu ya gunia lake.

"Rudisha mwanzo," akasema.