Maji ya Chupa ya Kauthar

Asya binti Jecha wa Micheweni alikuwa mpiga picha wa bidhaa, na studio yake ilikuwa ua wa makuti nyuma ya nyumba. Ukicheka, cheka, lakini nusu ya sabuni za mwani zilizotangazwa Pemba kwenye Instagramu zilipita uani pale.

Siku ile alikuwa ndani ya eda, mwezi wa tatu. Mumewe Hafidh alikuwa amefariki kwa homa ya siku nne. Wiki za mwanzo nyumba ilijaa wanawake hata pa kukaa hapakuwa, kisha kila mmoja akarudi kwake, na Asya akabaki na simu yake na kuku wawili.

Kauthar, mtengenezaji wa seramu ya uso kule Wete, ndiye aliyemkumbuka. Alimletea chupa ndogo ya kioo cha rangi ya asali, yenye kifuniko cha mpira wa kubonyeza na kijineli cha kudondoshea. Seramu yenyewe ilinukia langilangi, na mwanamke wa eda hagusi manukato, kwa hiyo Kauthar akajaza glisirini na chai ya rangi badala yake. Picha haina harufu, alisema.

"Nataka maji yaruke, bibiye, kama zile picha zako za zamani," alimwambia kwa simu alfajiri ile. "Tangazo latoka leo magharibi. Ukiona huwezi, niambie mapema nipeleke Unguja. Sikulaumu."

Hapo ndipo penye shida. Picha ya maji yanayoruka huhitaji watu wawili, mmoja kwenye simu, mwingine wa kurusha. Miaka sita mrushaji alikuwa Hafidh. Alikuwa na mkono mrefu, akisimama mbali, na maji yake yalipita nyuma ya chupa bila kuigusa. Na kazi hii ikienda Unguja, Asya alijua hairudi tena.

Asubuhi alimwita jirani yake, Bi Mwanapili.

"Mie nirushe maji tu? Kazi gani hiyo!" alisema Bi Mwanapili, akakunja mikono ya kanzu na kumwaga kikombe kizima juu ya simu. Cha pili kilimpata kuku. Akaondoka akiomba radhi, ana muhogo jikoni.

Asya akafuta simu na kuanza upya peke yake. Alitundika buibui kuukuu kwenye kamba, kwa sababu maji huonekana vizuri mbele ya cheusi jua likitokea nyuma ubavuni. Chupa aliigandisha kwa gundi juu ya jiwe la matumbawe, akaizungushia mwani, kipande cha mshubiri na jani bichi la mkarafuu. Lebo aliibandika utepe usioonekana isirowe. Glisirini iliyochanganywa na maji akaipulizia kwenye kioo, matone yakakaa bila kuteremka. Simu akaiweka kwenye stendi, akafunga fokasi kwenye chupa, akaipa mwendo wa kasi kabisa wa kunasa picha ili kila tone lisimame, na kuitegea sekunde kumi, kila moja na mlio wake, kisha ipige picha kumi mfululizo.

Akarusha. Mkono wake ukatokea katika picha zote. Akasogea nyuma, maji hayakufika. Akarusha mara kumi na tisa, na kila mara alijikuta akingoja kidogo, kana kwamba kuna mtu atakayesema bismillahi. Hafidh ndiye aliyekuwa akiisema kila akirusha. Adhuhuri ikapita, jua likaanza kuhama ukutani, na akaona uchungu wa kweli, wa mtu aliyeachwa na kazi ya watu wawili.

Ndipo macho yalipoangukia kata juu ya mtungi. Kata ya kifuu, mpini wake mrefu kama dhiraa mbili. Akaichotea maji, akasimama kando kabisa, akahesabu milio ya simu, akayarusha akiwa ameshika ncha ya mpini.

Picha ya saba ilikuwa ndiyo. Maji yalikuwa yamejikunja nyuma ya chupa, jani la mkarafuu limenyanyuka kidogo, kila tone linang'aa peke yake. Hakuna mkono.

Akaituma. Kauthar hakuandika, alipiga.

"Wallahi Asya, hii yashinda zote! Nani kakurushia?"

"Hakuna mtu. Nimerusha mwenyewe."

"Peke yako? Basi sasa huna haja ya mtu, alhamdulillahi. Nna chupa nne nyengine, n'natuma kesho."

Asya akamshukuru na kukata simu. Kazi alikuwa ameiokoa, na alipaswa kufurahi. Lakini aliketi kwenye ardhi iliyolowa akalia kuliko alivyolia siku ya maziko. Mchana kutwa, ndani ya moyo wake, alikuwa ameomba ishindikane. Kazi ingeshindikana, Hafidh angekuwa bado anahitajika kwa jambo moja katika nyumba ile.