Simu ya Sengerema

Fundi cherehani aliyepanga baraza ya Mama Sabina pale Buhongwa hushona na pini mdomoni, na huongea kwa sauti ndogo kama anaogopa kuamsha mtoto. Wiki hii Mama Sabina alimwona akiachia kiuno cha sketi yake mwenyewe, akaogopa kuuliza. Jana mchana mchumba wa fundi, Malimi, alikuja.

"Kliniki wamesema nirudi na mwenza tupime wote," fundi alimwambia.

"Nitakuja. Na kwa baba yako niende lini?"

"Weee, atakufukuza na panga! Aanze shangazi kumwambia, ndipo kwenu mtume mshenga."

Akapiga simu Sengerema, akafungua spika. Shangazi alipopokea, fundi alishuka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, kana kwamba anaonekana.

"Shikamoo shangazi. Nina mimba ya miezi mitatu."

Pale pembeni, Mama Sabina aliacha kuchambua dagaa.

"Mwenyewe yupo, au kakimbia?" shangazi aliuliza.

Fundi alimwinulia Malimi simu. Malimi alitazama barabarani, kisha akaipokea.

"Shikamoo shangazi. Nipo."

"Marahaba. Basi usitoke hapo mpaka nifike."