Maji ya Vali ya Kumi na Nne

Jumanne ya pili ya Januari koliflawa zangu zilikufa. Mume wangu alikuwa amefariki katikati ya Novemba, na mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki nje ya ua. Jirani ndiye aliyeniangalizia shamba. Alikuja na mmea mmoja mkononi, umekauka kama karatasi, akasema maji hayajafika kwetu tangu mvua za vuli zikatike.

Bonde letu, chini kidogo ya Lushoto, lina kikundi cha umwagiliaji. Bomba kuu lina vali za umeme, na kompyuta ndogo hupanga zamu na kufungua vali alfajiri bila mtu kuwepo. Mvua ikinyesha haifungui kitu, ndiyo maana hatukugundua mapema. Mimi nilikuwa mtunza orodha ya wanachama. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa katibu, na shamba lake, la vali ya kumi na tano, linafuata letu la kumi na nne.

Nilimwita. Alisimama nje ya dirisha, akanipa pole, kisha akasema kwa upole, "Mashine ndiyo iliyoamua, shemeji. Mashine haina undugu."

Nilimwamini kwa siku mbili.

Siku ya tatu nilikumbuka mkutano wa kufunga mitambo ile. Fundi alikuwa ametuonyesha kumbukumbu zake, na kila mstari uliishia na neno moja: mfumo. Vali imefungwa, mfumo. Mume wangu alisimama akauliza, "Ikininyima maji, nitamfuata mfumo nyumbani kwake?" Watu walicheka, lakini fundi alirudi kurekebisha. Tangu hapo kila uamuzi uliandikwa pamoja na sababu yake, kanuni iliyotumika, taarifa iliyotegemewa, aliyeiingiza na simu aliyotumia. Mstari ukishaandikwa haufutiki. Unaongezwa mwingine chini yake.

Nilimpigia fundi, akanitumia kumbukumbu za vali yetu. Nilizisoma polepole, nikazirudia.

Kesho yake niliomba kamati ije kwangu. Wajumbe walikaa barazani, mimi nyuma ya pazia la mlango. Mwenyekiti, mama mtu mzima wa Kilutheri, alipokea simu yangu akasoma kwa sauti:

"Vali ya kumi na nne haikufunguliwa. Sababu: mwenye shamba amefariki, mrithi hajaandikwa. Kanuni ya saba, iliyopitishwa na mkutano wa wanachama. Dakika zake zimepewa vali ya kumi na tano. Taarifa ya kifo imeingizwa kwa idhini ya mtunza orodha, siku ya tano ya msiba."

Mtunza orodha ni mimi. Mtu mmoja alinong'ona kwamba basi huyu mama amejifungia maji mwenyewe.

Nikasema kweli. Siku ya tatu ya msiba nilimpa shemeji neno langu la siri, kazi isilale nikiwa edani. Nilimpa pia barua ya kijiji inayonitaja mrithi, aingize vyote viwili pamoja. Sheria ya kikundi inakataza kumpa mtu neno la siri, na niliijua.

"Mstari haujaisha," mwenyekiti akasema. Akasoma namba ya simu iliyotumika. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Wote walikuwa nayo kwenye simu zao.

"Mghoshi," akamwita shemeji kwa heshima ya Kisambaa, "kifo umekiandika. Barua ya mrithi iko wapi?"

Shemeji akajibu, "Ninayo nyumbani. Nilijua akimaliza eda atarudi kwao Bungu. Shamba lingebaki la nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nitarudi Bungu. Siku ya tano ile ile alikula kwenye sinia moja na kaka zangu, akawaambia nimebaki mikononi mwake. Nilimsikia. Nililia kwa shukrani.

Mashine haikukosea. Ilifuata kanuni ambayo hata mimi niliinyooshea mkono, kwa taarifa iliyopewa.

Kamati ilimwondoa ukatibu. Mimi niliandikiwa onyo kwa lile neno la siri, nikalikubali. Mwenyekiti aliagiza nibadilishiwe neno, akaniingiza kuwa mrithi kwa idhini yake mwenyewe. Mstari wa jina langu umebaki palepale, na wa kwake chini yake.

Alfajiri ya Jumatatu vali ilifunguka. Jirani alisema maji yalijaa mifereji yote, yakapita katikati ya mashina makavu.

Alasiri mke wa shemeji alikuja na beseni la koliflawa, nyeupe, kubwa, zimefungwa vizuri. Alinisalimia shikamoo akaliweka kizingitini. Alisema mumewe ameniletea mboga. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia azirudishe. Aliinama, akajitwika beseni, akashuka nazo.